Mwalimu wa Mbalamwezi: maneno ya video ya kumuaga Mwalimu wetu wa Hisabati

Video ya dakika 6. Wasemaji: Msomaji (aliyekuwa monita), Wa Kengele, Wa Dagaa, Wa Benchi la Nyuma. Haya yametolewa kwenye karatasi nne za kamati, moja ikiwa imemwagikiwa chai. Msisome kama taarifa ya habari. Ukisahau mstari, sema kwa maneno yako.

[Picha: alfajiri, mwalo wa Igombe. Mitumbwi inarudi. Sauti ya maji tu, sekunde tano. Kisha Msomaji, amekaa juu ya jiwe.]

MSOMAJI: Shikamoo Mwalimu.

[Nyamaza kidogo. Tunajua ataitikia hata kama ni video.]

Ni sisi, darasa la saba la mwaka 1998. Wale wa dirisha lisilo na kioo. Tumesikia umefika miaka 60, na kwamba Ijumaa umekabidhi chaki. Kamati ilitutaka kila mmoja aandike jambo moja analokukumbukia. Karatasi ziliporudi, watu kumi na mmoja, bila kuambizana, walikuwa wameandika neno lilelile: mbalamwezi. Mmoja akalipigia mistari mitatu.

Kwa wajukuu zako watakaotazama na kushangaa, ngoja nieleze.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Taa ikiwashwa juu ya maji, dagaa wanaifuata. Mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote linang'aa, taa haina kazi, na mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo siku za giza sisi watoto tulikuwa mwaloni tangu saa kumi na moja alfajiri, tunabeba ndoo, tunaanika. Saa mbili tunaingia darasani tunanuka karabai na dagaa, na ikifika saa nne nusu ya darasa imelala juu ya daftari.

Walimu wengine walituchapa, na sisemi kwa ubaya, ndivyo ilivyokuwa. Wewe ulichukua rejista. Ukahesabu tiki na misalaba ya miezi mingi, ukatuita ubaoni, ukasema: "Utoro wenu una mpangilio. Unajirudia. Kila baada ya siku ngapi?" Tukahesabu pamoja. Wengine wakapata 29, wengine 30. Tukagombana. Ukaandika 29.5, ukasema, "Haya, leo tunaanza desimali."

Mwalimu, mimi desimali niliijua kwa mwezi.

Tangu siku ile mitihani yako yote ya majaribio ilikuwa mbalamwezi. Uliining'iniza kalenda karibu na ubao, ukazungushia siku hizo kalamu nyekundu. Hukumwomba mzazi yeyote aache kumtuma mtoto mwaloni. Ulijua chakula kinatoka wapi.

[Picha: kivuko cha Kamanga kinaondoka. Wa Kengele anasimama pembeni ya magari, amevaa jaketi la okoa maisha.]

WA KENGELE: Mwalimu, shikamoo. Mimi yule niliyekuwa napiga kengele kwa rimu ya gari. Siku hizi nipo hapa kivukoni, napanga magari. Lori hili tani ngapi, lile tani ngapi, lipi likae katikati, lipi pembeni. Vijana wananiambia nitumie simu kujumlisha. Nawaambia, subiri. Nafunga macho, nasikia sauti yako: "Nionyeshe njia. Jibu lisilo na njia ni jibu la kuokota."

[Anacheka. Aachwe amalize kucheka. Hii sehemu inayofuata isemwe taratibu, bila muziki.]

Kuna siku moja sijawahi kukuambia. Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, karibu kabisa na hapa Mwanza. Tarehe 21. Wiki ile shule ilikuwa kimya. Kuna wenzetu walikuwa hawajui ndugu zao wako wapi. Uliingia kipindi cha Hisabati, hukufungua kitabu. Ukakaa kwenye dawati langu, lile la mguu mbovu, ukakaa nasi mpaka kengele. Kengele yenyewe nilitakiwa niende kuipiga mimi, nikashindwa kuinuka. Ukasema, "Kaa. Leo muda hauna haraka."

Kila asubuhi nikihesabu maboya kabla ya kuondoka, nahesabu mara mbili. Ya pili ni kwa ajili ya siku ile.

[Picha: soko la Mwaloni, Kirumba. Magunia. Kelele za wachukuzi, msizipunguze sana.]

WA DAGAA: Mwalimuuu! Mwangaluka! Unaniona? Sogeza simu, wewe, unanikata kichwa. Mwalimu, unakumbuka swali lako: "Ikiwa kilo 4 za dagaa wabichi zikikauka zinabaki kilo 1, mama ameanika kilo 60, atauza ngapi?" Mimi nikajibu 15, ukanipa vyema. Halafu nikanyoosha mkono, nikasema, "Mwalimu, na wale walioliwa na ndege?" Darasa zima likacheka. Wewe hukucheka. Ukafuta swali, ukaandika upya, ukaweka ndege.

Leo nauza kwa wanaotoka mpaka Kongo. Wananiuliza kwa nini sipati hasara kama wengine. Nawaambia naweka ndege kwenye hesabu. Wabeja, Mwalimu. Wabeja sana.

[Picha: chumba, Dar es Salaam. Wa Benchi la Nyuma amejirekodi kwa simu. Mwanga ni mbaya, tuache hivyohivyo.]

WA BENCHI LA NYUMA: Mwalimu, sitaongea sana. Mimi sikufaulu. Wenzangu wanasema mambo yao, ni kweli, lakini mimi darasa la saba sikuchaguliwa. Ulikuja nyumbani. Mama akadhani umekuja kulalamika. Ulikuwa umebeba rula na kipimio cha pembe, ukaniambia, "Fundi seremala anatumia hivi kila siku, navyo havichaguliwi na mtu." Kipimio kimevunjika kona, lakini kipo. Kiko hapa. [Aoneshe.] Meza niliyowekea simu nimeitengeneza mimi. Miguu yote minne inagusa chini.

[Rudi Igombe. Sasa jua limechomoza, dagaa wameanikwa. Msomaji ameshika daftari la mistari.]

MSOMAJI: Mwalimu, tunajua unaezeka nyumba. Usiulize tumejuaje, Igombe ni ndogo. Kamati ilitaka nikutajie zawadi tu, niseme, "Tumekuletea bati 40." Nikakataa. Ungetuuliza njia.

[Afungue daftari, alisogeze kwenye kamera. Shika kwa sekunde kumi ili Mwalimu asome.]

Waliochanga: 46.
Kila mmoja: shilingi 30,000.
46 × 30,000 = 1,380,000.
Bei ya bati moja: 34,500.
1,380,000 ÷ 34,500 = 40.
Baki: 0.

Usafiri haumo kwa sababu wa dagaa amesema gari lake litaleta bure, na wa benchi la nyuma amekata tiketi ya basi, anakuja na nyundo. Hiyo hatukujua iandikwe safu ipi.

Tutafika Jumamosi ya mbalamwezi, kalenda tumeangalia. Mitumbwi itakuwa imepumzika, kwa hiyo watu wa kupandisha bati hawatakosekana.

Na Mwalimu, kwenye bahasha uliyopewa pamoja na video hii kuna daftari hili hili na kalamu nyekundu. Hatujaweka alama. Tafadhali sahihisha.

[Picha ibaki kwenye daftari. Wote, kutoka nyuma ya kamera, kama zamani tukisimama: "Shikamoo Mwalimu!" Zima.]