HATI YA UWAKILISHI WA KISHERIA: NYUMBA YA NGAMIANI NA SHAMBA LA MKUZI

JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA

Hati hii imetolewa Tanga, leo Jumatatu tarehe 16 Februari 2026.

MIMI, Mwanahawa Athumani Singano, mtu mzima mwenye akili timamu, mkazi wa Barabara ya 11, Ngamiani, Jijini Tanga, nisiye na mume tangu ndoa yangu ilipovunjwa kwa talaka, ninasafiri kwenda Muscat, Oman, kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili. Kwa kuwa sitakuwepo kusimamia mali zangu mwenyewe, kwa hati hii ninamteua mdogo wangu wa baba mmoja na mama mmoja, BAKARI ATHUMANI SINGANO, mkazi wa Chumbageni, Tanga, awe mwakilishi wangu wa kisheria kwa mambo yaliyotajwa humu, na kwa hayo tu.

Vitambulisho vyetu vya Taifa vimeonyeshwa kwa Wakili aliyeshuhudia, na nakala zake zimeambatishwa. Ndani ya hati hii mimi naitwa "Mwenye Mali" na Bakari anaitwa "Mwakilishi".

1. MALI ZINAZOHUSIKA

1.1 Nyumba yangu iliyopo Barabara ya 11, Ngamiani, niliyoirithi kwa marehemu baba yangu na ambayo umiliki wake umekwisha kuhamishiwa jina langu. Ina vyumba sita vya kupangisha, fremu mbili za biashara zinazotazama barabara, na banda la uani lenye chumba na sebule anakoishi mama yetu, Bi. Zaina Mohamedi Kombo. Nyumba hii ndani ya hati hii ni "Nyumba".

1.2 Shamba langu la ekari nne lililopo Kijiji cha Mkuzi, Wilaya ya Muheza, ninalolimiliki kwa hati ya hakimiliki ya kimila, lenye michungwa 240 na minazi 18, pamoja na eneo la makaburi ya wazee wetu upande wa mteremkoni. Shamba hili ndani ya hati hii ni "Shamba".

1.3 Mali yangu nyingine yoyote, iwe fedha benki, chombo cha moto au urithi ambao haujagawanywa, haimo katika hati hii hata kama haikutajwa kukatazwa.

2. MAMLAKA NINAYOMPA

Kuhusu Nyumba, Mwakilishi anaweza kwa niaba yangu:

2.1 Kupangisha vyumba na fremu, kusaini mikataba ya upangaji kwa maandishi, kudai na kupokea kodi na kutoa risiti. Kodi ya sasa ni shilingi 50,000 kwa mwezi kwa chumba na shilingi 150,000 kwa mwezi kwa fremu. Anaweza kuipandisha kwa kumpa mpangaji taarifa ya miezi mitatu. Kuipunguza ni lazima aniulize.

2.2 Kumpa notisi mpangaji asiyelipa au anayevunja masharti, na kumfungulia shauri ikibidi. Hatamfungia mpangaji mlango, hatamkatia umeme wala maji, na hatatoa vyombo vyake nje bila amri ya chombo chenye mamlaka. Akifanya hivyo, atakuwa amefanya kwa jina lake, si kwa jina langu.

2.3 Kulipa kodi ya pango la ardhi kwa namba ya malipo ya serikali, kufuatilia kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, bili za maji na ada ya taka. Mpangaji wa fremu anayewajibika kukata kodi ya zuio ya 10% ataikata na kuiwasilisha TRA, na Mwakilishi atachukua uthibitisho wa malipo hayo na kuutunza.

2.4 Kufanya matengenezo ya kawaida: bati linalovuja, bomba, nyaya, choo, rangi. Kazi moja isizidi shilingi 500,000. Ikizidi, nipewe kwanza makadirio ya fundi na picha, na kibali changu kiwe cha maandishi. Bomba likipasuka usiku au nguzo ikiegemea, azuie madhara kwanza na anijulishe ndani ya saa 48.

Kuhusu Shamba, Mwakilishi anaweza:

2.5 Kuweka vibarua wa palizi na kupogoa, kununua dawa na mbolea, na kupanda michungwa mipya mahali pa iliyokufa.

2.6 Kuuza machungwa na nazi za msimu. Machungwa yauzwe yakiwa yamekomaa, kwa idadi iliyohesabiwa shambani mbele yake au mbele ya mtu aliyemtuma kwa siku hiyo. Hana ruhusa ya kuuza matunda yakiwa bado maua au machanga, wala kupokea fedha ya msimu ambao haujafika. Nimeliandika hili kwa urefu kwa sababu wafanyabiashara huja na fedha mkononi mwezi wa njaa, na bei wanayotoa wakati huo ni ya kumaliza shida yao, si ya kwangu.

2.7 Kuhudhuria vikao vya kijiji vinavyohusu mipaka, njia au upimaji, na kuonyesha mipaka iliyopo pamoja na majirani.

Kuhusu mali zote mbili:

2.8 Kuniwakilisha mbele ya ofisi ya mtaa na ya kijiji, halmashauri, TRA, TANESCO, mamlaka ya maji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mahakama, na kumweka wakili kwa gharama ya mapato ya mali hizo baada ya kunijulisha. Shauri lolote lifunguliwe au lijibiwe kwa jina langu, yeye akionekana kama mwakilishi wangu. Hana mamlaka ya kukubali suluhu inayopunguza hata hatua moja ya ardhi yangu.

3. FEDHA

3.1 Kodi zote na fedha za mazao ziingizwe katika akaunti yangu ya benki, ambayo namba yake anayo kwa maandishi tofauti yenye saini yangu. Mpangaji atakayelipa kwa simu atalipa kwa namba niliyoisajili kwa jina langu. Malipo yaliyoingia kwenye simu ya Mwakilishi au ya mtu mwingine yatahesabiwa kuwa mkononi mwa Mwakilishi hadi yatakapofika kwenye akaunti yangu.

3.2 Kabla ya kuingiza fedha, Mwakilishi anaruhusiwa kutoa matumizi ya ibara ya 2, shilingi 150,000 kila mwezi za matunzo ya mama, na 10% ya kodi zilizokusanywa mwezi huo kama ujira wake. Kwa mazao ya Shamba ujira wake ni 15% ya kinachobaki baada ya gharama. Fedha ya mama hutoka kwanza, hata mwezi ambao wapangaji wamechelewa.

3.3 Atatunza daftari la mapato na matumizi na risiti zake, na kunitumia picha za kurasa za mwezi uliopita kabla ya tarehe 7 ya kila mwezi. Mama na dada yetu Saumu Athumani Singano wana haki ya kuliona daftari hilo siku yoyote bila kueleza sababu.

4. MIPAKA

Mwakilishi HANA mamlaka, kwa hali yoyote na kwa maneno yoyote ya mtu yeyote, ya:

4.1 kuuza, kutoa zawadi, kubadilishana, kugawa au kuhamisha umiliki wa Nyumba au Shamba, au sehemu yake;

4.2 kuweka rehani, kukopea, au kutumia mali hizo kumdhamini mtu, yakiwemo madeni yake mwenyewe, vikoba na dhamana ya mahakamani;

4.3 kupangisha kwa mkataba unaozidi miezi 12, au kupokea kodi ya zaidi ya miezi sita kwa mkupuo;

4.4 kujenga, kubomoa, kubadili ramani ya Nyumba, au kukata mchungwa au mnazi ulio hai;

4.5 kumpangisha au kumkalisha bure mke wake, watoto wake au yeye mwenyewe ndani ya Nyumba bila kibali changu cha maandishi;

4.6 kumwondoa mama katika banda la uani au kulipangisha banda hilo akiwa hai, na kumzuia ndugu yeyote kufika kwenye makaburi;

4.7 kumpa mtu mwingine mamlaka haya, isipokuwa wakili aliyetajwa katika ibara ya 2.8.

Hati halisi za umiliki hazitakuwa mikononi mwa Mwakilishi. Mtu atakayeonyeshwa hati halisi pamoja na waraka huu ajue kwamba kuna jambo haliko sawa, na awasiliane nami kabla ya kutoa fedha.

5. IDHINI ZA AWALI

Natangua idhini ya mdomo niliyompa shemeji yangu, Ramadhani Juma Mhina, ya kupokea kodi za Nyumba. Namshukuru kwa muda wake. Kuanzia tarehe 1 Machi 2026 mpangaji atakayemlipa yeye atakuwa hajanilipa.

6. MUDA

Hati hii inaanza kutumika tarehe 1 Machi 2026 na inakoma tarehe 29 Februari 2028 bila kuhitaji taarifa. Haitajiongeza yenyewe, nikihitaji kuiendeleza nitasaini nyingine.

7. KUTANGUA NA KUKOMA

7.1 Ninaweza kuitangua hati hii wakati wowote, yote au sehemu yake, na silazimiki kutoa sababu.

7.2 Utanguzi utamfunga Mwakilishi tangu anapoupata, uwe umemfikia kwa barua, kwa mkono, au kwa ujumbe wa simu kutoka namba yangu. Baada ya ujumbe wa simu nitatuma barua yenye saini yangu iliyoshuhudiwa. Nakala zitapelekwa kwa wapangaji wote, Serikali ya Mtaa, Serikali ya Kijiji cha Mkuzi, na kwa Msajili wa Hati endapo hati hii itakuwa imesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334.

7.3 Maneno ya utanguzi yatakuwa haya:

"Mimi, Mwanahawa Athumani Singano, natangua na kufuta kabisa mamlaka yote niliyompa Bakari Athumani Singano kwa Hati ya Uwakilishi wa Kisheria ya tarehe 16 Februari 2026. Tangu tarehe niliyoandika chini ya saini yangu, hana ruhusa ya kupokea kodi, kuuza mazao, kusaini mkataba, wala kusimama popote kwa jina langu. Aliyefanya naye jambo kwa nia njema kabla ya kupata taarifa hii, jambo hilo linabaki halali. Atakayefanya naye jambo baada ya kuipata, asinidai."

7.4 Hati hii inakoma pia Mwakilishi akijiuzulu kwa taarifa ya siku 30, akifariki, au mimi nikifariki au kupoteza akili timamu. Nikifariki, Mwakilishi haendelei kukusanya kodi kwa hoja kwamba ni ndugu wa marehemu. Atatunza kilichopo na kukikabidhi kwa msimamizi wa mirathi atakayeteuliwa na mahakama.

7.5 Kwa vyovyote itakavyokoma, ndani ya siku 14 atarudisha daftari, risiti, mikataba, funguo, fedha zilizobaki na nakala zote za hati hii. Akikabidhi, aandikiwe kuwa amekabidhi.

8. UWAJIBIKAJI

Nitayaheshimu yote atakayoyafanya kihalali ndani ya mipaka hii kana kwamba nimeyafanya mwenyewe. Hasara itokanayo na uzembe, udanganyifu au kuvuka mipaka atailipa yeye. Hati hii inaongozwa na sheria za Tanzania, ikiwemo Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Tukikosana, tutakaa kwanza mbele ya mama na dada Saumu. Tusipoelewana ndani ya siku 21, kila mmoja ana haki ya kwenda kwenye chombo cha sheria. Kikao hicho cha ndugu hakisimamishi haki yangu ya kutangua.

IMESAINIWA na kutolewa hapa Tanga na Mwanahawa Athumani Singano, aliyetambulishwa kwangu na Saumu Athumani Singano ambaye ninamfahamu binafsi, leo tarehe 16 Februari 2026, baada ya kusomewa hati hii yote na kusema ameielewa.

Mwenye Mali: Mwanahawa A. Singano (saini na dole gumba la kushoto)

KUKUBALI KWA MWAKILISHI: Mimi, Bakari Athumani Singano, nimeisoma hati hii, nimeielewa ibara ya 3 na ya 4 hasa, na ninaupokea wajibu huu kwa hiari yangu.

Mwakilishi: Bakari A. Singano (saini na dole gumba la kushoto)

Mashahidi: Zaina Mohamedi Kombo, mama mzazi, Saumu Athumani Singano, dada.

MBELE YANGU: Neema Elias Mbwambo, Wakili na Kamishna wa Viapo, Tanga (saini na mhuri)

Nakala nne zimesainiwa: ya Mwenye Mali, ya Mwakilishi, ya Bi. Zaina na ya ofisi ya Wakili.