Yah: Kompyuta mpakato ACC-017 ya Idara ya Fedha kuganda mara kwa mara inapotumia betri

Ijumaa, 24 Oktoba 2025

Ndugu wa Kitengo cha TEHAMA,

Salaam. Naomba msaada kuhusu kompyuta mpakato ninayoitumia kuandaa mishahara, yenye namba ya mali ACC-017, kumbukumbu ya GB 16 na Windows 11. Tangu Jumatatu ya tarehe 6 mwezi huu imeganda mara tisa, na mara sita kati ya hizo nimelazimika kuizima kwa nguvu.

Inaanza hivi: mshale wa kipanya unaendelea kutembea, lakini chochote ninachobofya hakiitiki, dirisha la Excel linapauka na kuandika "Not Responding", na taa ya diski inawaka mfululizo bila kupepesa. Jana niligundua pia kwamba saa iliyo pembeni mwa skrini ilikuwa imesimama kwenye 14:17 ilhali saa ya ukutani ilikaribia nane na dakika ishirini. Wakati mwingine mashine hujirudia yenyewe baada ya dakika moja au mbili, na yale niliyokuwa nimebofya yakatekelezwa yote kwa mkupuo. Isipojirudia, mshale nao husimama, taa ya Caps Lock haibadiliki hata nikibonyeza kitufe chake, Ctrl+Alt+Delete haileti kitu, na hubaki njia moja tu ya kushikilia kitufe cha kuwashia kwa takriban sekunde kumi.

Nilikuwa nikidhani tatizo linatokana na kufunga na kufungua kifuniko, kwa kuwa mara saba lilitokea katika chumba cha mikutano, dakika kumi hadi ishirini baada ya kuifungua. Hata hivyo, tarehe 15 na tarehe 21 iliganda nikiwa mezani kwangu, kifuniko hakijaguswa tangu asubuhi, muda mfupi baada ya umeme wa ofisi kukatika. Jambo linaloziunganisha mara zote tisa ni kwamba chaja haikuwa ikiingiza umeme. Ikiwa kwenye chaja haijawahi kuganda, hata siku niliyofungua mafaili ya matawi yote kwa pamoja.

Niliizima kabisa na kuiwasha upya mara kadhaa, nikachomoa flashi na waya wa printa, nikaweka masasisho yote ya Windows yaliyokuwa yakisubiri, na nikahakikisha diski ina nafasi (GB 312 ziko wazi kati ya 476). Katika mipangilio ya umeme nilichagua diski isizimwe kamwe inapotumia betri, lakini siku iliyofuata iliganda tena. Tarehe 20, mwenzenu aliyekuwa zamu aliingia kwa akaunti ya msimamizi, tukaendesha `sfc /scannow`, ambayo haikukuta faili lililoharibika, kisha tukapima kumbukumbu kwa `mdsched.exe`, nayo haikuonyesha kosa. Alipofungua Event Viewer, tuliona kwamba kila dakika iliyonakiliwa kwenye daftari langu ina ujumbe huu, wakati mwingine mara tatu au nne mfululizo:

```
Event ID 129, stornvme
Reset to device, \Device\RaidPort0, was issued.
```

Upo pia ujumbe wa Kernel-Power 41, lakini huo unaonekana pale tu nilipozima kwa nguvu, hivyo nauchukulia kuwa matokeo na si chanzo. Kwa uelewa wangu mdogo, ule wa kwanza unaashiria kwamba Windows inaiita diski na diski haijibu kwa wakati, na ndiyo maana nashuku namna diski inavyopunguziwa umeme mashine ikiwa kwenye betri. Sijagusa draiva ya diski wala BIOS. Hayo nawaachia ninyi, kwa sababu sina ruhusa na nisingependa kuhatarisha data.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni faili la mishahara. Tarehe 17 liliharibika baada ya kuzima kwa nguvu, nikarudia kazi ya saa tatu. Tangu hapo nalinakili kwenye seva kila mchana na jioni, ila barua pepe za zamani bado zimo ndani ya mashine pekee, hivyo naomba zinakiliwe kabla diski haijabadilishwa au kufutwa.

Mishahara inatakiwa kuingia benki tarehe 31, na kodi ya PAYE iwasilishwe kabla ya tarehe 7 Novemba kupita. Naomba mnipatie mashine ya kuazima ifikapo Jumatatu asubuhi, ili hii ikaguliwe bila haraka. Nipo ghorofa ya 2 kuanzia saa mbili, na daftari lenye tarehe na saa za kila tukio nitalikabidhi pamoja na mashine na chaja yake.

Natanguliza shukrani.

Mhasibu wa Mishahara,
Idara ya Fedha