Jaa Lenye Mabawa

Kabla mama wa soko la Kadutu hawajatandaza lengalenga na sombe, mwewe wamekwisha kufika. Wanatua kwenye nyaya za umeme na juu ya mabati, midomo ya njano yote imeelekea upande mmoja: mteremko ulio nyuma ya vibanda vya nyama, soko linakomwaga takataka zake. Juma lililopita nilisimama hapo saa nzima na daftari. Nilihesabu mwewe 31, kunguru wenye shingo nyeupe zaidi ya 40, mbwa 9, mbuzi 6 na nguruwe mmoja na watoto wake. Panya sikuwahesabu, mchana hujificha, ila matundu yao yametapakaa ukingoni kama mtu aliyetoboa udongo kwa mpini wa jembe.

Mzee anayeuza makala ya kupikia jirani na hapo aliniambia: “Mwanangu, waache wale. Si wanatusafishia muji?” Neno hilo nimelisikia tangu utoto, na lina ukweli ndani yake. Matumbo ya ng'ombe yanayotupwa jioni, kesho yake saa nne huyaoni. Huko India walijua thamani ya wasafishaji wa namna hiyo baada ya kuwapoteza. Katika miaka ya 1990 tai walikufa kwa mamilioni kwa kula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa kwa diklofenaki, dawa ile ile ya maumivu tunayonunua hapa Bukavu kwenye famasi. Aina moja ilipungua kwa zaidi ya asilimia 99. Mizoga ikakosa wa kuila, mbwa wa mitaani wakashiba.

Lakini tai anayemaliza mzoga porini hafanyi kazi moja na mwewe wa Kadutu. Mwewe wetu hudokoa kipande, akaruka nacho, akakila juu ya nyumba ya mtu. Mwezi wa tisa, mvua zilipoanza, nilipanda juu ya bati langu kusafisha mfereji unaopeleka maji kwenye pipa. Nilikuta mguu wa kuku, utumbo uliokauka, bendeji yenye damu nyeusi, na mavi ya ndege yaliyoganda hadi kwenye mdomo wa bomba. Maji ya pipa lile tulikuwa tunaoshea vyombo. Jaa liko mbali na parsele yangu, mwendo wa dakika 10 hivi kwa miguu. Lilikuja kwangu kwa mabawa.

Tangu siku hiyo siwezi tena kulitazama jaa kama rundo lililokaa mahali pake. Ndege wanaokula kwenye uchafu wanaweza kubeba salmonela na vijidudu vingine vya tumbo, wakaviacha kila wanapotua. Panya hukojoa kwenye madimbwi, na mkojo wake unaweza kuwa na leptospira, kijidudu kinachopenya kwenye mchubuko wa mguu wa mtoto anayekanyaga matope bila viatu. Nzi wanaotoka kwenye mavi kwenda kwenye ndizi iliyomenywa sina haja ya kuwaeleza watu wa Kivu, tunaoijua kipindupindu kwa majina ya jirani zetu.

Mbwa ndio wananinyima usingizi. Jaa halizai kichaa cha mbwa, ila linakusanya mahali pamoja mbwa ambao hawana mwenyewe wala chanjo, wanagombea mfupa mmoja na kuumana, na katikati yao kuna watoto. Maibobo wanaookota chupa na vyuma pale wanashindana na mbwa mkono kwa mdomo. Kijana mmoja wa avenyi yetu aliumwa kwenye kigimbi mwaka jana. Kituo cha kwanza alichopelekwa hakikuwa na chanjo. Walimfunga kidonda na kumrudisha nyumbani. Mama yake alizunguka siku mbili akikopa hela mpaka akaipata kwingine, na mtoto akapona. Duniani watu wapatao 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza kupona ni nadra mno. Kwa hiyo nalisema hapa wazi: ukiumwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha tafuta chanjo siku hiyo hiyo, hata kama kidonda ni kidogo.

Wanyama wenyewe nao wanaumia. Jirani alichinja mbuzi aliyekuwa anakonda huku tumbo limevimba. Alipolipasua, ndani mlikuwa na bonge la mifuko ya plastiki, limesokotana kama kamba ya katani, kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo kwa dekreti ya Desemba 2017. Mbuzi yule alikufa amejaa nayo. Na nguruwe anayelishwa mabaki ya nyama ya nguruwe anaweza kupata homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haimgusi mtu lakini humaliza zizi zima kwa siku chache, na karo ya watoto ikaenda nayo.

Shibe ya bure hubadilisha hata tabia. Huko Hispania na Ureno, korongo weupe wengi waliozoea kuja Afrika kila mwaka sasa hubaki kwao wakati wa baridi, kwa sababu majaa yanawalisha. Kwetu ninamwogopea zaidi ndege mdogo. Kunguru anayeshiba jaani huongezeka kupita kiasi ambacho shamba na msitu vingemruhusu, na kunguru huiba mayai na makinda katika viota vya wengine. Hifadhi ya Kahuzi-Biega haiko mbali na muji huu.

Wapo wanaosema tutie sumu. Nawaomba wasifanye hivyo. Panya aliyekula sumu hafi palepale. Hutoka nje akiyumba, na anayemdaka ni mwewe, paka au bundi. Bundi tunamrushia mawe kwa kumwita ndege wa wachawi, na yeye ndiye anayewinda panya usiku kucha. Tukimwua, panya watakaobaki watazaa tena kabla ya miezi miwili.

Kinachowaita wote hawa ni chakula. Chupa tupu haimwiti mwewe. Kwa hiyo kazi ianzie kwenye kibanda cha nyama: matumbo, damu na mifupa viwekwe kwenye pipa lenye kifuniko, vikafukiwe siku hiyo hiyo ndani ya shimo refu, mbali na mto Kahuwa, maana kinachoingia Kahuwa huishia ziwani, na tumekwisha kuona plastiki za ziwa zikiziba mitambo ya umeme ya Ruzizi. Maganda na majani ya mboga yawe mbolea. Udongo wa vilima vyetu, unaooshwa na kila mvua, una njaa nayo. Nimezungumza na wachinjaji 4. Watatu wamekubali kuchangia pipa, wa nne anauliza nani atalibeba. Ni swali la haki, na jibu lake ni hela: kijana wa kulibeba kila jioni anataka franka zake, na komini inapokea kodi ya meza kutoka kwa kila muuzaji kila siku. Jumatano tunakwenda wote watano kwa burgumestri kuomba sehemu ya kodi hiyo. Daftari langu lenye hesabu ya mwewe nitalibeba.