Lindoni, Jumanne usiku

Julai 15, Vingunguti

Saa saba na robo. Nishazunguka raundi ya pili, makufuli yote yapo, nimeandika kitabuni "lindo salama" kama jana na juzi. Godauni zima tailizi tupu, sa sijui mwizi gani ataruka ukuta na katoni ya tailizi begani, labda aje na fuso na makuli wake. Ila ndo kazi.

Babu wa geti la nyuma kashazima zamani, kajifunika koti la mvua eti mbu. Simuamshi, akikoroma angalau najua mzima. Ndege nyingine hiyo inashuka eapoti, imepita chini mpaka mabati yanatetemeka.

Mama watoto alipiga jioni. Kahawa imekubali mwaka huu, wameshachuma awamu ya kwanza wakamenya wakaosha, sasa ipo kichanjani inakauka, tatizo wezi, wiki iliyopita wamempitia jirani usiku wakakomba yote, wamemwachia turubai tu. Kwa hiyo yeye anakesha nje, na Mbinga mwezi wa saba we acha tu, baridi ile inaingia mpaka kwenye meno. Kakaa na blanketi, moto, mbwa na filimbi ya mtoto ya shule. Akaniambia, "Baba, we unalinda mali ya tajiri, yako nalinda mie na filimbi." Akacheka, nami nikacheka, ila simu ilivyokatika nikabaki nimeishika.

Maana kweli. Mshahara wenyewe wa mwezi uliopita bado tunapigwa kalenda, na ile kahawa ndo ada ya mkubwa na mbolea ya mwakani. Na haitaki haraka, wiki mbili hivi juani, unaigeuza, jua likiwa kali unafunika, jioni unafunika tena, mpaka uchukue punje uitie jino ikatae. Ikibonyea bado. Mzee alikuwa anatupa tujaribu tukiwa wadogo, sisi tunatafuna kweli anatufukuza. Saa hizi ningekuwa pale kwenye moto na kihindi changu cha kuchoma, huku chini mashimo ya ngoro yamejaa ukungu, huoni hata mto.

Nimewaza nimtumie shemeji elfu kumi awe analala pale, ila namjua, ikiingia tu atalala kilabuni. Bora niende mwenyewe. Basi linaondoka Mbezi alfajiri, Kitonga mchana, usiku nipo kwangu, wiki moja tu inatosha mpaka waipeleke chamani.

Supavaiza atasema watu hawatoshi, hawajawahi kutosha. Pikipiki yake hiyo nasikia inakata kona, namwambia leo leo kabla hajashuka, maana akishashika kitabu anaanza kutafuta makosa na hapo hasikii mtu.