Barua kwa Khamis baada ya majaribio ya Gombani

Chake Chake, Pemba
12 Januari 2026

Mwanangu Khamis,

Assalaam aleykum. Natumai ulifika Konde salama na mguu haukuuma tena.

Nakwambia kwanza lile unalolisubiri: safari hii hukuchaguliwa kuwa kipa. Umepata alama 27 kati ya 50, na tuliowachukua walianzia 32. Jumamosi ulipokuwa ukivua glavu nilikusikia ukimwambia mwenzio kuwa ni kwa sababu ya ufupi. Ndiyo maana nakuandikia mwenyewe. Kimo hatukukipa alama hata moja. Juma Kaseja hakuwa mrefu, na ndiye aliyekuwa golini Simba ilipowatoa Zamalek kwa penalti mwaka 2003. Kilichokuangusha ni kingine, na kinarekebishika.

Mashuti nimekupa 8 kati ya 10. Mikono yako inashika, mpira haukurudi kwa mshambuliaji hata mara moja, na lile la chini kushoto ulilolipangua kwa ncha za vidole liliwafanya makocha wote waandike. Ana kwa ana, 7. Unasimama mpaka mwisho, hulali mapema, na hiyo si kazi rahisi kwa kijana wa miaka kumi na sita. Penalti uliyookoa imo humo, lakini ulitoka kwenye mstari kwa miguu yote miwili kabla haijapigwa. Sheria inataka angalau mguu mmoja ubaki mstarini. Mwamuzi wetu hakuona. Wa ligi ataona, na itarudiwa.

Miguu, 6. Wa kulia mzuri, wa kushoto unaukimbia.

Sasa mipira ya juu: 3. Ikumbuke ile kona ya pili ya kipindi cha pili. Mpira ulikuja taratibu, kaskazi ikiurudisha ndani, ukashukia kwenye boksi dogo, mbele yako kabisa. Ulitoka hatua mbili, ukasita, ukarudi moja. Namba tano wao akapiga kichwa peke yake, nawe uko katikati, si golini wala si kwenye mpira. Ungebaki mstarini ungeweza kuupangua. Ungeendelea ungeudaka kifuani. Kipa akishaamua kutoka, amekwenda. Kosa la kuchelewa kuamua lilijirudia kwenye krosi nne, ndiyo maana sikuweza kukupa zaidi.

Sauti na kupanga mabeki, 3 vilevile, na hapa ndipo penye mzizi. Dakika 60 nimesimama nyuma ya goli lako, sikusikia hata "Yangu!" moja. Beki wako wa kati aligeuka mara mbili kukutazama, hakujua aende au akuachie. Ukiita, unajilazimisha na wewe kwenda. Ukinyamaza, miguu nayo inasita. Najua umelelewa kwa adabu na mabeki wale wamekuzidi umri. Uwanjani wewe ndiye unayeona kila mtu, na kumpigia kaka yako kelele "Toa!" au "Mtu!" ni kumsaidia, si kumvunjia heshima.

Jambo jingine dogo. Ulikuwa unakaa na mpira mkononi muda mrefu. Mara moja nilihesabu sekunde 11. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2025, ukipita sekunde 8 wapinzani wanapewa kona. Yaani unawazawadia kile kile kinachokutesa.

Fanya hivi. Siku tatu kwa wiki baada ya Alasiri, tafuta mtu akupigie krosi 30, kulia na kushoto, na mwengine asimame mbele yako akusukume kwa bega. Kila mpira, ita kabla hujaondoka. Usiyoiita usiihesabu hata kama umeidaka. Daka ukiwa umenyanyua goti moja, likulinde. Malizia kwa pasi za mguu wa kushoto ukutani. Ramadhani punguza ziwe krosi kumi, karibu na magharibi, usijiumize.

Skuli usiiache kwa ajili ya haya. Kidato cha tatu hakikusubiri, na mama yako nimemuahidi.

Majaribio mengine ni Jumamosi, 11 Aprili 2026, hapo hapo Gombani, saa 2 asubuhi. Sikuahidi nafasi. Naahidi kwamba nitaangalia mipira ya juu na sauti kabla ya chochote, na hizo mbili zikifika 6 kila moja, hata mengine yakibaki yalivyo, utakuwa na 33. Mvua za masika zinaweza kuwa zimeanza, kwa hiyo njoo na taulo la kufutia glavu, na nakala ya cheti cha kuzaliwa, maana safari hii hukuileta.

Msalimie mama na babu.

Kocha wako,
Mwalimu Makame