Ajenda ya kikao na pendekezo la mgao wa faida: duka la vitenge, Kariakoo

Mama Salma, salaam. Tukutane Jumapili saa 4 asubuhi dukani, kabla ya kufungua.

Ajenda
1. Daftari la mauzo, Januari hadi Juni
2. Vitenge vilivyokopeshwa ndugu (wa kwako na wa kwangu, hapa tusioneane haya)
3. Mgao wa faida
4. Kuandikishana

Pendekezo langu
Mtaji: wewe milioni 6, mimi milioni 4. Dukani nashinda mimi. Hatukuandikiana, na pasipo makubaliano Sheria ya Mikataba (Sura 345) hugawa sawa kwa sawa. Ndivyo tulivyofanya, na kila mmoja anaona kapunjwa.

Napendekeza nilipwe kwanza ujira wa shilingi 400,000 kwa mwezi, kinachobaki tugawane 60 kwa 40. Faida ikiwa 1,500,000, inabaki 1,100,000: wewe 660,000, mimi 440,000 pamoja na ujira. Najua leo unapata 750,000. Kwa hiyo mwezi ambao faida haifiki 800,000, ujira wangu ushuke hadi 200,000. Tuanze Julai, ya nyuma tusiyafukue.

Ukiwa na hesabu nyingine, njoo nayo imeandikwa.

Mama Juma