Barua kwa shangazi kuhusu picha za baba

Magomeni, Dar es Salaam
3 Machi 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai hujambo na miguu imepata nafuu. Sisi huku wazima, watoto wanakuamkia.

Baada ya arobaini ya baba tulifungua lile sanduku lake la bati. Mna picha nyingi za zamani, nyingine za kabla ya Uhuru, na karibu zote hazina jina nyuma. Baba hayupo tena wa kumuuliza, na wa rika lake umebaki wewe peke yako. Nakuomba uniambie ni akina nani hawa.

Nimezikuza na kuzitoa nakala ili zisikuchoshe macho, kila moja ina namba. Asilia ninazo mwenyewe. Mwanaidi akitoka shule akuoneshe, wewe taja kuanzia kushoto, yeye aandike, na akirekodi sauti yako kwenye simu nitafurahi zaidi. Jina likikataa kuja, nitajie alikuwa mtoto wa nani, alikaa barabara ya ngapi pale Ngamiani, au watu walimwitaje mtaani. Hata hilo litanifaa sana.

Namba 1 ni wanaume watano stesheni ya Tanga. Babu namjua kwa kofia yake. Wengine walikuwa wa reli, au wa mashamba ya mkonge?

Namba 2 nadhani ni harusi yako. Wanawake wamevaa kanga sare, na mama mmoja mnene amekukalia karibu kabisa, amekushika mkono. Ndiye somo yako? Sura yake naiona kwa dada yangu mkubwa, ndiyo maana nauliza kama alikuwa wa ukoo.

Namba 3 ndiyo inayoninyima raha. Baba kijana amesimama studio, nyuma yake pazia lililochorwa minazi. Upande wa kulia umekatwa kwa mkasi, na umebaki mkono wa mtu begani kwake. Nyuma baba ameandika "1961", basi. Picha iliyokatwa hivyo angeweza kuitupa, lakini aliitunza miaka yote hiyo. Kama yule mtu ana habari isiyofaa kusimuliwa, shangazi, niachie jina tu, sitauliza zaidi. Na kama hata jina halifai, mwambie Mwanaidi airuke, nitaelewa.

Zilizobaki ni za watoto wa Kurani na majirani. Hizo zitazame polepole, hata moja kwa siku, usijichoshe.

Ukishanijibu nitaandika majina kwa penseli nyuma ya kila picha, kisha kila nyumba ya ukoo nitaipa nakala zake. Wajukuu wajue wanayemrehemu ni nani.

Bahasha hii anakuletea shemeji Hamisi, pamoja na dawa ya kuchua na kanga doti moja. Anarudi Jumapili. Ukiwa tayari mpe majibu, na kama bado, nitakuja mwenyewe Idi tuzitazame pamoja.

Niombee dua.

Mwanao,
Rashidi